Maombi 31 ya fildi kwenye shiti moja: kisa cha dedilaini iliyoandikwa "bado siku 145" wakati imeshapita

Kabla sijaanza, mi nina steshenari karibu na chuo kimoja hapa Dar, naprinti, naskani, nafunga ripoti, na kila mwaka kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita kazi yangu kubwa inakuwa barua za kuomba fildi. Kwa hiyo nawaona wengi. Huyu ninayemuandika hapa nimemuomba ruhusa akanipa kwa sharti nisimtaje, chuo nisikitaje na ofisi alizoomba nisizitaje, basi tumuite Rehema. Mwaka ni 2024, alikuwa mwaka wa pili, anasoma ununuzi na ugavi.

Alikotokea

Chuo chao fildi ilikuwa inaanza Jumatatu tarehe 22 Julai, wiki nane, na barua ya kukubaliwa lazima iwe imefika kwa mratibu wa fildi kabla ya Ijumaa tarehe 21 Juni. Ukichelewa hapo chuo kinakupangia chenyewe, na kupangiwa maana yake unaweza kujikuta sehemu ambayo wewe wa manunuzi unapangwa kupokea wageni mlangoni.

Mwaka wa kwanza Rehema aliomba sehemu nne tu, zote kwa kujuana, akapata moja dakika za mwisho. Safari hii hakutaka kurudia, akasema anaomba kila mahali. Tatizo la kuomba kila mahali ni kwamba kila mahali wana utaratibu wao. Ofisi za serikali na mashirika ya umma nyingi wanataka barua ya karatasi, unaipeleka masijala na kopi mbili, moja wanabaki nayo, nyingine wanakugongea mhuri wa kupokea unaondoka nayo. Makampuni mengi wanataka imeili yenye sivii na barua ya utambulisho ya chuo, baadhi wana fomu yao mtandaoni. Wengine wanaweka dedilaini, wengine hawaweki kabisa wanapokea mpaka nafasi zijae. Mwanzoni alikuwa anaweka kumbukumbu kwenye noti za simu na skrinshoti, na alipofika maombi kama saba hivi akapeleka barua ileile sehemu ileile mara mbili, yule mama wa masijala akamwambia binti mbona ulikuja juzi.

Hapo ndo akaja dukani kaniambia kaka nisaidie kutengeneza shiti.

Shiti ya kwanza ilivyokuwa

Tulifungua Google Sheets kwenye kompyuta ya dukani kwa akaunti yake, sababu alitaka aione na kwenye simu. Safu tulizoweka ni jina la ofisi, njia ya kuomba (mkono, imeili au fomu), nani wa kuwasiliana naye, namba yake, dedilaini, tarehe aliyotuma, hali, tarehe ya intavyuu, saa, na maoni. Kwenye hali tukaweka orodha ya kuchagua ili asiandike "nimetuma" leo na "imetumwa" kesho af akichuja zisije zote.

Namba za simu zilitusumbua dakika tano, maana ukiandika 0754 na kuendelea, shiti inaona ni hesabu inatupa ile sifuri ya mbele, na ukianza na +255 inakula alama ya kujumlisha. Tukaichagua safu nzima tukaifanya `Plain text` kabla ya kuandika chochote. Hiyo ilikuwa sawa na haikusumbua tena mpaka mwisho.

Kisha akataka safu ya siku zilizobaki, yaani dedilaini ukitoa leo. Nikamuwekea. Kwenye mistari mingine ikatoka namba nzuri, kwenye mingine ikatoka `#VALUE!` yenye kona nyekundu, mbaya mbaya. Sasa hapa nakiri kosa langu, maana bila hilo kisa kisingekuwepo. Dukani kulikuwa na foleni, nikaona hizo `#VALUE!` labda ni kwa sababu baadhi ya ofisi hazina dedilaini, nikamwambia weka hivi itakuwa safi:

```
=IF(E2="","",IFERROR(E2-TODAY(),""))
```

Ikawa safi kweli. Zile nyekundu zote zikapotea zikabaki seli tupu, tukapanga shiti kwa dedilaini kuanzia ya karibu, akanilipa, akaondoka. Hiyo ilikuwa katikati ya mwezi wa nne.

Jumatatu tarehe 13 Mei

Rehema alikuwa anafanyia kazi mistari ya juu kila siku, na hakuwa mzembe, hilo niliseme. Kila jioni anafungua, anaangalia tatu za kwanza, anazifanyia kazi. Jumatatu hiyo rafiki yake mmoja akamuuliza vipi ile benki umeomba, dirisha lilifungwa Ijumaa. Akafungua shiti akaitafuta, akaikuta huko chini, na siku zilizobaki imeandikwa 145.

Alikuja dukani amekasirika. Na mi nilipoiangalia sikuelewa mara moja. Seli ilisomeka 10/05/2024, sahihi kabisa, tarehe kumi mwezi wa tano. Lakini kutoka 13 Mei, siku 145 mbele ni tarehe 5 Oktoba. Kumbe shiti ilikuwa inasoma mwezi kwanza siku baadaye, kama Wamarekani. Akaunti yake lugha yake ni Kiingereza cha Marekani, kama za watu wengi tu ambao hawajawahi kugusa hiyo sehemu, na shiti mpya inarithi hapo.

Tukaanza kukagua mstari kwa mstari. Wakati huo shiti ilikuwa na mistari 24, na 17 kati ya hiyo ilikuwa na dedilaini. Kati ya hizo 17, tisa zilikuwa na siku iliyozidi 12, kama 17/05/2024 au 30/04/2024, na kwa kuwa hakuna mwezi wa 17 shiti ikaamua hii sio tarehe ikaiacha kama maandishi. Hizi ndo zilizokuwa zinatoa `#VALUE!`, hizi ndo mimi nilizifunika na `IFERROR`, na ukipanga kuanzia ndogo, maandishi yanakwenda chini ya tarehe zote. Yeye aliona seli tupu akadhani ni ofisi zisizo na dedilaini. Sita zingine zilisomeka kama tarehe lakini siku na mwezi vimebadilishana, ile ya benki ikiwemo. Mbili tu ndo zilikuwa sahihi, moja kwa sababu ilikuwa 6/6 ambayo ukiigeuza inabaki ileile, na nyingine aliiandika mwezi kwa herufi.

Mbili kati ya kumi na saba. Na shiti ilikuwa inaonekana nadhifu kuliko ya mhasibu.

Hasara tuliyoikuta siku hiyo ni mbili. Benki iliyofunga tarehe 10 Mei, na kampuni moja ya usafirishaji iliyofunga tarehe 30 Aprili ambayo ilikuwa imelala chini kama maandishi. Ya tatu, ya tarehe 17 Mei, aliiwahi, alituma Alhamisi tarehe 16 (wakamjibu nafasi zimejaa, lakini alituma).

Tulivyorekebisha

Kwenye kompyuta unaingia `File > Settings`, kwenye `Locale` tukachagua `United Kingdom`, ambayo inasoma siku kwanza mwezi baadaye kama tunavyoandika sisi. Hapohapo kuna `Time zone`, na hiyo nayo ilikuwa ya pwani ya magharibi ya Marekani. Inaonekana kitu kidogo, ila `TODAY()` inafuata saa ya hapo, na miezi hiyo wao wako nyuma yetu saa kumi, kwa hiyo mpaka saa nne asubuhi ya Dar shiti ilikuwa bado inahesabu jana. Ukifungua asubuhi kabla ya kwenda chuo unaona "imebaki siku 1" kumbe ni leo. Tukaweka GMT+03:00.

Sasa pa kuwa makini ni hapa. Ukibadilisha `Locale`, tarehe zilizokwisha kuingia hazijirekebishi. Ile ya benki iliyokwisha kuhifadhiwa kama 5 Oktoba inabaki 5 Oktoba, inabadilika muonekano tu inaandikwa 05/10/2024, na yale maandishi yanabaki maandishi. Mtu akibadilisha setingi akafunga anaondoka na makosa yaleyale yamevaa nguo nyingine. Ilibidi tufute dedilaini zote 17 tuziandike upya tukiangalia skrinshoti na matangazo yenyewe, sio tukiangalia shiti. Na tukakubaliana kuanzia siku hiyo mwezi unaandikwa kwa herufi, `17 May 2024`, kwa sababu hapo iwe setingi ya Marekani au ya Uingereza, siku na mwezi haviwezi kubadilishana.

Ile `IFERROR` tukaitoa. Badala yake tukaongeza safu moja nyembamba ya ukaguzi:

```
=IF(E2="","",AND(ISNUMBER(E2),E2<DATE(2024,7,22)))
```

Inauliza maswali mawili, je hii ni tarehe kweli, na je iko kabla ya fildi kuanza, maana dedilaini ya kuomba fildi haiwezi kuwa baada ya fildi yenyewe. Ikisema `FALSE` kuna shida kwenye mstari huo. Haikamati kila kitu, mfano 7 Juni ikigeuka ikawa 6 Julai inapita kama kawaida, ndo maana mwezi kwa herufi ni muhimu kuliko fomula. Kama huna muda wa fomula kuna dalili ya macho, tarehe ya kweli inajipanga kulia mwa seli, maandishi yanajipanga kushoto, ilimradi hujagusa mpangilio. Sisi tulikuwa tumeweka kila kitu katikati ili ipendeze, kwa hiyo hata hiyo dalili tuliiua wenyewe.

Saa tatu

Jumatatu tarehe 27 Mei akiwa kwenye daladala amesimama, akapigiwa simu na kampuni moja, njoo intavyuu Alhamisi saa tatu. Akasema sawa asante, akaandika kwenye simu haraka haraka "Alh 3", jioni akahamishia kwenye shiti, tarehe 30 May 2024, saa 3:00.

Jumatano usiku anajiandaa, anafungua shiti, anaona 3:00. Kichwa chake usiku ule kikasoma saa ya kwenye simu, 3:00, na kwa saa ya simu 3:00 ni usiku wa manane au ni saa tisa mchana, na hakuna anayeita mtu intavyuu usiku wa manane, basi ni saa tisa mchana. Alhamisi akafika saa tisa kasoro robo, amependeza, bahasha mkononi. Mlinzi akamwambia wale wa intavyuu walimaliza tangu saa tano.

Nimemuuliza mara nyingi hukukumbuka sauti ya simu imesema saa tatu? Anasema kaka nilipigiwa simu tatu wiki ile, nikaiamini shiti. Ndo kazi ya shiti, kuaminiwa. Sisi tuna saa mbili kichwani, ya mdomoni na ya kwenye kioo cha simu, zimepishana sita kamili, na namba tupu kwenye seli haisemi ni ipi.

Alipiga simu kuomba radhi, wakamwambia kwa upole tu kwamba orodha imeshaenda. Akafunga mstari huo.

Baada ya hapo safu ya saa tuliifanya maandishi, na anaandika zote mbili, `saa tatu asubuhi / 09:00`. Pia akaanza kutuma meseji ya kuthibitisha ndani ya saa moja baada ya kupigiwa, kwa mfano: "Habari za mchana, mimi ni Rehema uliyeongea nami kuhusu intavyuu ya fildi. Nathibitisha nitafika Jumanne tarehe 4 Juni saa nne asubuhi. Asante." Hii ina kazi mbili, kama amesikia vibaya atasahihishwa, na inabaki kwenye simu na tarehe yake.

Kufuatilia, ambako ndiko kulikomletea nafasi

Sehemu hii ilikwenda vizuri zaidi kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Baada ya lile sakata la Mei nilimuuliza, hivi ukishatuma unafanya nini? Akasema nasubiri. Shiti yote ilikuwa imejengwa kuelekea dedilaini, ukishatuma mstari unakufa. Mistari 15 hivi imeandikwa "nimetuma" na hakuna kinachoendelea.

Tukaongeza safu mbili, "hatua inayofuata" na "tarehe ya hatua", na shiti nzima ikawa inapangwa kwa tarehe ya hatua badala ya dedilaini. Kabla hujatuma, hatua inayofuata ni kutuma, na tarehe yake ni siku tatu kabla ya dedilaini. Ukishatuma, hatua ni kupiga simu, siku saba za kazi baadaye. Kila mstari ulio hai lazima uwe na tarehe mbele yake, na usio nayo basi umefungwa.

Siku saba za kazi tulitumia `WORKDAY`, ambayo inaruka Jumamosi na Jumapili yenyewe, lakini sikukuu zetu haizijui mpaka uziorodheshe. Mfano alioukuta mwenyewe, barua aliyopeleka Jumatatu tarehe 22 Aprili. Bila orodha ya sikukuu fomula inampa Jumatano tarehe 1 Mei, ambayo ni Mei Mosi, ofisi imefungwa. Ukiweka 26 Aprili ya Muungano na Mei Mosi kwenye ukurasa wa pembeni tukaouita Sikukuu, inatoka Ijumaa tarehe 3 Mei.

```
=IF(F2="","",WORKDAY(F2,7,Sikukuu!A$2:A$20))
```

Idi nazo unaziweka, ila kwa sababu zinategemea mwezi unarudi kurekebisha zikishatangazwa.

Na ile safu ya nani wa kuwasiliana naye tukaibadilisha kazi. Mwanzo alikuwa ameweka namba za mapokezi za kwenye tovuti. Kwa barua za mkono tukaweka jina la aliyepokea masijala, tarehe ya mhuri na Kumb. Na. ya barua ya chuo, na picha ya kopi iliyogongwa mhuri akaihifadhi na jina lenye namba ya mstari. Sababu yake utaiona kwenye simu hii, ambayo aliipigia dukani kwangu nikiwa nasikiliza:

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Samahani mama, naitwa Rehema, natokea chuo, nilileta barua ya kuomba fildi tarehe 22 mwezi wa nne, alinipokelea kaka pale masijala, naomba kujua imefikia wapi."

"Barua ni nyingi mwanangu, kumbukumbu namba unayo?"

Akaisoma. Kimya kama dakika mbili, makaratasi yanasikika.

"Eeh, hii ilipelekwa utumishi. Lakini naona haijaenda idara. Nipigie keshokutwa."

Akaandika palepale: hatua, kupiga tena, tarehe ya keshokutwa. Alipopiga, ikawa imeenda idara ya manunuzi, na wiki iliyofuata akapigiwa kwamba barua ya kukubaliwa iko tayari aifuate. Bila ile kumbukumbu namba yule mama asingeanza hata kutafuta, na simpingi.

Kitu ambacho shiti haikufanya na nilimtahadharisha, ni kwamba haikukumbushi yenyewe. Tuliweka rangi nyekundu kwa `Format > Conditional formatting` tarehe ya hatua ikifika, lakini rangi hiyo unaiona ukifungua tu. Ukipitiwa siku mbili za mitihani, nyekundu inawaka gizani peke yake. Kwa hiyo kila Jumapili usiku alikuwa anachukua hatua za wiki hiyo, kawaida nne mpaka sita, anaziweka kwenye kalenda ya simu na alamu ya saa tatu asubuhi, muda ambao ofisi nyingi zimeshafungua na bosi hajaingia kwenye vikao.

Matokeo

Mpaka anafunga, mistari ilikuwa 31, kati ya hiyo 12 ni barua za mkono na 19 ni imeili au fomu. Mbili hazikutumwa kabisa kwa ajili ya tarehe, zikabaki 29. Kati ya 29, kumi na nane hawakujibu chochote, sita walijibu nafasi zimejaa, watano walionyesha nia. Wale watano, wawili walitoa barua ya kukubaliwa moja kwa moja bila intavyuu, watatu walimuita. Moja aliikosa kwa ile saa tatu, moja alifanya hakupata, moja alipata.

Kwa hiyo alibaki na barua tatu za kukubaliwa mkononi tarehe 14 Juni, wiki moja kabla ya dedilaini ya chuo. Hapo aliongeza safu ya mwisho, "wanataka jibu lini", maana ofisi moja ilimpa siku tano athibitishe. Alichagua ile aliyopata kwa intavyuu, kampuni ya kati sio kubwa, kwa sababu msimamizi wake angekuwa mtu wa manunuzi kweli na angegusa zabuni na stoo, wakati zile mbili kubwa zaidi zote zilimpangia "utawala". Nilimshauri achukue shirika kubwa, jina linauza, akakataa. Siku hiyohiyo alizipigia zile mbili na kuzishukuru kwamba nafasi wampe mwingine.

Nikiitazama sasa

Watu wakisikia kisa hiki wanadhani kosa lilikuwa ni `Locale`. Hilo ndo lililoanzisha, lakini shiti ilishatupigia kelele siku ya kwanza kabisa kwa zile `#VALUE!` tisa, na mimi nikaizima spika kwa sababu ilikuwa mbaya kuangalia na foleni ilikuwa ndefu. `IFERROR` sio mbaya, unaitumia ukishajua kosa linatoka wapi. Ukiitumia kabla hujajua, unatengeneza seli tupu ambayo ina maana mbili, "hakuna dedilaini" na "imeshindwa kusoma dedilaini", na mtu anayesoma kwa simu saa nne usiku hawezi kuzitofautisha. Siku hizi nikimtengenezea mwanafunzi, ofisi isiyo na dedilaini anaandika neno "haina", hatuachi tupu.

Lile la saa tatu ni kosa la aina hiyohiyo ukiliangalia vizuri. Namba iliingia sawasawa, ila ilikuwa na maana mbili, na anayeandika jioni anajua maana yake wakati anayesoma siku mbili baadaye ameshasahau, hata kama ni mtu mmoja.

Kufuatilia kulifanya kazi kiasi gani? Alipiga au kutuma ufuatiliaji kwa ofisi 11, na kati ya wale watano waliokuja na nia, wanne walitoka humo. Sitaki kusema ufuatiliaji ndo uliwaleta wote, maana alikuwa anafuatilia kwanza zile alizozitaka na ambazo alikuwa na jina la mtu, labda hizo zingejibu tu. Lakini mbili najua kwa uhakika, ile ya masijala hapo juu, na nyingine ambayo imeili yake ilikuwa imeingia kwenye spamu na yule dada wa utumishi akaikuta wakiwa kwenye simu. Wale aliowafuatilia na hawakujibu baada ya mara ya pili aliwafunga, hakupiga mara ya tatu, na nadhani alikuwa sahihi, maana unaanza kuwa kero.

Kilichozidi ni safu. Tulimaliza na safu nyingi mno, na kwenye simu hiyo ni kuteleza kidole kushoto kulia mpaka unasahau uko mstari gani. Nne alikuwa hazigusi kabisa, "tovuti" na "ukubwa wa kampuni" zikiwemo, ambazo niliziweka mimi kwa mbwembwe. Tulipogandisha safu ya jina na kuzificha hizo nne ndo akaanza kuitumia vizuri kwenye daladala.

Wiki ya kwanza ya Septemba, akiwa amebakiza siku chache amalize fildi, akapigiwa simu na ofisi ya mstari wa 19. Barua yako tumeipitia binti, unaweza kuanza lini? Akacheka, akawashukuru, af akaingia kwenye shiti akabadilisha hali kutoka "kimya" kuwa "wamejibu", na kwenye maoni akaandika siku za kazi walizotumia.

Tisini na mbili.